Fahamu: Jiwe la figo linavyosomwa kwenye sitiskani ya mionzi midogo

Linavyoonekana

Karibu kila jiwe huonekana kama doa jeupe, bila dawa ya kung'arisha picha. Lililokwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo mara nyingi huzungukwa na ukuta uliovimba. Chembe ya chokaa katika mshipa wa damu wa nyonga kwa kawaida haina duara hilo.

Ukubwa

Hupimwa kwenye mpangilio wa picha wa mifupa, kwani ule wa tishu laini hulifanya jiwe lionekane kubwa kuliko lilivyo.

Mahali

Jiwe la milimita 4 likionekana mlangoni mwa kibofu, mgonjwa hulazwa kifudifudi. Likiangukia mbele, limeshaingia kibofuni. Likibaki palepale, bado limekwama, ingawa mara nyingi hutoka lenyewe.