Kwa Nini Anga la Usiku Hukatika Mikanda

Tarehe 28 Aprili 2019, HBO ya Marekani ilirusha sehemu ya tatu ya msimu wa nane wa tamthilia ya Game of Thrones, ile ya vita vya Winterfell vinavyopiganwa usiku. Kipindi hakijapoa, mitandao ilikuwa imeshajaa malalamiko. Wengi walisema giza lilikuwa nene mno, hawakuona kitu. Wengine waliona, ila walichokiona kiliwaudhi: anga na ukungu, badala ya kufifia taratibu kutoka kijivu hadi weusi, vilikatika mapande yenye kingo kama vidato vya ngazi. Mpiga picha mkuu wa sehemu hiyo, Fabian Wagner, alitetea kazi yake, akasema sehemu ya lawama ni ya mgandamizo wa video na ya runinga ambazo wenyewe hawajazirekebisha vizuri.

Mapande hayo, ambayo hapa tutayaita mikanda, hayatokei gizani tu. Yapo kwenye anga la magharibi jua linapozama, kwenye ukuta mweupe unaomulikwa na taa moja, na kwenye katuni zenye mandhari laini ya rangi. Lakini giza ndilo linaloyaanika zaidi, na sababu yake ni hesabu nyepesi.

Video ya kawaida huhifadhi mwangaza wa kila nukta ya picha kwa biti nane, yaani kwa namba kuanzia 0 hadi 255. Hata hizo hazitumiki zote. Kwa kanuni za runinga, weusi kamili hupewa 16 na weupe kamili 235, hivyo kila kitu kuanzia pango hadi jua la mchana hugawana viwango 220. Mandhari ya usiku haipati hata robo ya hivyo. Tuseme ukungu unafifia kutoka kiwango cha 40 juu ya picha hadi 20 chini yake, na picha ina mistari 1080. Hatua ni 20 tu, kwa hiyo kila moja inachukua mistari 54. Kwenye runinga ya inchi 55 huo ni mkanda wenye upana wa sentimita tatu na ushei, na mtu aliye kwenye kochi anauona bila taabu.

Jicho nalo huzidisha. Mwanafizikia Ernst Mach alieleza katika karne ya 19 kwamba pale maeneo mawili yenye mwangaza tofauti kidogo yanapopakana, jicho huikoleza tofauti hiyo kwenye mpaka. Ndiyo maana hatua moja kati ya 220, ambayo kwenye picha yenye majani na nyuso za watu isingeonekana kabisa, hujitokeza kama mstari juu ya anga tupu.

Biti kumi hutoa namba kuanzia 0 hadi 1023, na weusi na weupe huwekwa 64 na 940. Ukungu uleule sasa unatoka 160 hadi 80. Hatua zimekuwa 80, kila moja imebaki na mistari kumi na tatu na nusu, na kimo cha kila hatua ni robo ya kile cha mwanzo. Kinachookoa zaidi ni hicho kimo: mpaka kati ya mikanda unakuwa hafifu kiasi kwamba jicho halina cha kukoleza.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Wakiona rangi imekatika, wanalaumu kupunguzwa kwa sampuli za rangi, zile namba 4:2:0 zinazotajwa kwenye kamera na programu za kuhariri. Dhana hiyo ina mantiki, lakini si sahihi.

Video hutenganisha mwangaza na rangi. Katika mpangilio wa 4:4:4 kila nukta ina mwangaza wake na namba zake mbili za rangi. Katika 4:2:0 kila nukta hubaki na mwangaza wake, lakini nukta nne zilizo kwenye mraba hugawana jozi moja ya namba za rangi. Data hupungua nusu kabla mgandamizo haujaanza: kwa biti nane, nukta moja hushuka kutoka biti 24 hadi wastani wa 12. Ujanja huu una umri mkubwa kuliko kompyuta za mezani. Karibu mwaka 1950, Alda Bedford, mhandisi wa kampuni ya RCA, alionyesha kwamba jicho halitambui rangi katika vitu vidogo sana, linatambua mwangaza wake tu, na runinga za rangi zikajengwa juu ya udhaifu huo.

Sasa, anga linalofifia ni kitu gani? Ni eneo ambalo rangi hubadilika polepole mno. Nukta nne zilizopakana zina rangi ileile au karibu sana nayo, kwa hiyo kuzipa jozi moja hakupotezi chochote cha kuonekana. Anayeruka kutoka 4:2:0 hadi 4:4:4 ya biti nane ili kuondoa mikanda ameongeza data mara mbili, na mikanda ipo palepale. Hasara ya 4:2:0 huonekana kwingine: maandishi mekundu membamba juu ya weusi, mistari ya rangi kwenye jedwali, au video iliyorekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye skrini ya kompyuta. Hapo kingo za rangi hulowa na kuchafuka, na 4:4:4 inastahili gharama yake.

Kwa hiyo mseto wa kutafuta ni 4:2:0 pamoja na biti kumi. Diski za Blu-ray za kawaida hutumia 4:2:0 ya biti nane. Zile za Ultra HD zilipokuja zilibaki na 4:2:0 zikaongeza biti hadi kumi. Waliopanga viwango hivyo walijua pa kutumia nafasi.

Gharama yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwa data ghafi, nukta ya 4:2:0 inapanda kutoka biti 12 hadi 15, yaani robo zaidi. Lakini hakuna anayetuma data ghafi. Kodeki hubashiri kila kipande cha picha kutokana na majirani zake au fremu zilizopita, kisha huandika tofauti tu, tena kwa kuikadiria. Faili la biti kumi lenye ubora uleule mara nyingi hukaribiana sana na lile la biti nane.

Walioligundua hilo mapema kwa vitendo ni vikundi vya mashabiki wa anime, katuni za Kijapani, waliokuwa wakitafsiri vipindi na kuvisambaza wenyewe. Kodeki ya x264 ilipata uwezo wa biti kumi mwaka 2010, na kufikia 2011 vikundi vingi vilikuwa vimehamia huko. La kushangaza ni kwamba chanzo chao, runinga na Blu-ray, kilikuwa cha biti nane. Mtu angeuliza: biti mbili za ziada zinabeba nini, ilhali chanzo hakina?

Jibu liko kwenye chembe. Studio inayojua kazi yake haiachi anga laini la biti nane lilivyo. Hulinyunyizia chembe ndogo za nasibu. Mahali ambapo mwangaza wa kweli ni 30.4, nukta sita kati ya kumi hupewa 30 na nne hupewa 31, jicho likazichanganya. Kodeki inapobana, chembe hizo ndizo za kwanza kutupwa, kwa kuwa ni ghali kuziandika na hazibebi umbo lolote. Kinachobaki ni wastani. Kwenye biti nane wastani wa 30.4 hauna pa kukaa, unaangukia 30, eneo zima linakuwa bapa, na jirani yake linapoangukia 31 mkanda umezaliwa. Kwenye biti kumi wastani huo unaandikwa 122, ambayo ni sawa na 30.5. Chembe zimekufa, lakini mteremko umesalia. Ili kupata ulaini huohuo kwa biti nane, mashabiki walilazimika kuhifadhi chembe zenyewe, na hapo faili hunenepa kwelikweli.

Mtu anayetaka kujaribu mwenyewe kwa programu ya bure ya ffmpeg anahitaji mstari mmoja:

```
ffmpeg -i chanzo.mov -c:v libx265 -pix_fmt yuv420p10le -crf 20 -preset slow -c:a copy tokeo.mkv
```

Neno la kutazama ni `yuv420p10le`: 4:2:0, biti kumi. Atakacholipa kwa hakika ni muda, kwa sababu kompyuta itafanya kazi ndefu zaidi.

Kuna chanzo kisichotibika hivi. Simu au kamera ikiwa imeshalikata anga mikanda wakati wa kurekodi, au mhariri akiwa amevuta rangi za faili la biti nane hadi hatua zikaachana, biti kumi zitaihifadhi mikanda hiyo kwa uaminifu mkubwa. Dawa ni kulainisha kwanza, tena ndani ya biti kumi, kwa kuongeza kwenye amri ileile `-vf format=yuv420p10le,deband`. Mpangilio wa maneno hayo ni wa lazima. Kichujio kikifanya kazi katika biti nane hakina thamani za katikati za kuandika, na chembe kitakazoweka zitafutwa na kodeki mlango wa pili.

Kosa jingine liko kwenye kuonyesha. Skrini nyingi bado ni za biti nane, na faili zuri la biti kumi likishushwa kwa kukatwa tu tarakimu za mwisho, mikanda hurudi. Kichezeshi kizuri hunyunyiza chembe zake wakati wa kushusha. Kwenye mpv kazi hiyo hufanywa na chaguo la `dither-depth=auto`. Mpv pia humwezesha mtazamaji kuwasha na kuzima ulainishaji kwa kubonyeza `b`. Ukisimamisha fremu kwenye anga na kubonyeza mara kadhaa, utaona mara moja mikanda iko wapi na ina upana gani. Kisha fungua faili hilohilo kwenye kifaa kingine: mikanda ikihama au ikitoweka, imetengenezwa na skrini au kichezeshi, ikibaki kwenye mistari ileile, imo ndani ya faili.

Upatanifu nao haufanani kwa kodeki zote. H.264 ya biti kumi haikuungwa mkono na chipu nyingi za simu na runinga, na ndiyo maana mafaili ya anime ya 2011 hukwama kwenye king'amuzi lakini huchezwa vizuri na kompyuta. Kwa HEVC hali ni nzuri zaidi, maana biti kumi zimo kwenye wasifu wake uitwao Main 10, ambao vifaa vingi vya miaka ya karibuni vinausoma. AV1 imeweka biti nane na kumi pamoja kwenye wasifu wake wa msingi.

Anayepakia YouTube ana hesabu tofauti. Video isiyo ya HDR hubanwa upya huko na kumfikia mtazamaji ikiwa na biti nane, hata kama iliyopakiwa ilikuwa ya kumi. Kupakia ya biti kumi bado kunasaidia, kwa kuwa ubanaji wa pili unaanza na mteremko mzima, lakini mhariri mwenye anga pana la machweo afadhali aongeze chembe kidogo, kubwa kuliko zile za kawaida, ili baadhi yake zivuke ubanaji huo zikiwa hai.