Gunia Likioza, Unampigia Nani?

Kazi yangu ni kuwashauri vijana waliotoka vyuoni hapa Nakuru kabla hawajaingiza pesa au miaka yao katika kazi wasiyoifahamu. Kabla ya kuandika barua yoyote ya maombi, huwaagiza waende wakaongee na watu wanaoifanya kazi hiyo. Hawaendi kuomba ajira wala mtaji. Wanaenda kuuliza kwa dakika 20 na kusikiliza. Karibu wote hulikubali hilo haraka. Kinachowashinda ni swali la mwisho, lile la kuuliza ni nani mwingine wa kuongea naye.

Mwaka uliopita nilimpeleka binti mmoja katika soko la Wakulima. Alikuwa amesomea kilimo na alitaka kujua kama kuzalisha mbegu za viazi ni kazi ya kumlisha. Alimkuta mama anayeuza viazi kwa jumla, akamsubiri amalize kupakua, wakaongea vizuri. Mwisho akauliza kwa adabu zote, "Mama, kuna mtu mwingine ninayeweza kuongea naye?" Mama akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, ni hayo tu."

Mama huyo anawajua watu mamia. Hakumnyima. Swali lenyewe lilimtaka apekue kumbukumbu yote ya maisha yake kwa mara moja, na mtu akiombwa kupekua kila kitu hapekui chochote. Siku iliyofuata nikamrudisha binti na swali jingine: "Mama, mzigo ukija na gunia la viazi vilivyooza, unampigia nani simu?" Jibu lilikuja kabla swali halijaisha. Alimtaja broka mmoja wa Molo, akaeleza na jinsi wanavyogombana.

Swali linaloleta jina ni lile linalogusa tukio. Mtu hakumbuki watu kwa orodha, anawakumbuka kwa mambo waliyofanya pamoja: nani alimkopesha, nani alimwokoa mvua ilipokata barabara, nani anabishana naye kila msimu. Kwa hiyo unapojiandaa kwenda kuongea na mtu, swali la mwisho liandike kabla ya mengine. Jiulize ni upande gani wa kazi hii ambao huyu hauoni, kisha mwombe mtu aliyeko upande huo. Muuzaji wa sokoni anaona kiazi kikishafika. Hamwoni aliyekipanda, wala aliyemuuzia mkulima mbegu.

Broka wa Molo alimfungulia binti mlango wa pili. Alimweleza kwamba aina ya Shangi inapendwa kwa sababu inaiva haraka na inapikika haraka, lakini huchipua mapema sana baada ya kuvunwa, ndiyo maana mkulima hawezi kukaa nayo akisubiri bei. Alizungumzia pia lumbesa, lile gunia lililoongezewa shingo hadi likapita kilo 50 zinazoruhusiwa na kanuni. Binti alimaliza kwa kumwuliza, "Mzee, ni mkulima gani ambaye hamkubaliani kabisa?" Broka akacheka, akamtaja jirani mmoja wa Kuresoi ambaye hajazi lumbesa wala hauzi viazi vya chakula, kwani yeye anauza mbegu.

Swali hilo la mpinzani nalipenda kuliko yote, na nina sababu. Tusipoangalia, majina tunayopewa hufuata njia moja. Mtu hukutuma kwa waliosali naye, waliosoma naye, walio katika chama chake, mara nyingi wanaozungumza lugha ya nyumbani kwake. Nakuru imejengwa na watu waliotoka kila upande, na tumeona jinsi watu wa bonde hili wanavyoweza kuishi bega kwa bega bila kusikilizana. Ukiongea na watu kumi waliounganishwa na kanisa moja, umesikia maoni ya mtu mmoja mara kumi. Kumwomba mtu akutajie asiyekubaliana naye, au anayemfahamu kwa mbali tu, ndiyo njia ya kutoka katika duara hilo.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alilieleza jambo hili mwaka 1973, baada ya kuwauliza watu wa eneo la Boston, Marekani, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 17 hivi tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara moja moja, na asilimia 28 hivi walionana naye kwa nadra. Maelezo yake ni rahisi: rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua tayari, ilhali mtu wa mbali anatembea mahali usikofika. Aliona pia kwamba minyororo hiyo ilikuwa mifupi. Mara nyingi habari ilitoka kwa mwajiri mwenyewe au ilipita kwa mtu mmoja tu katikati. Kwa hiyo kijana asiogope kwamba atazunguka miezi. Watu wanne au watano waliochaguliwa vizuri wanatosha kwa maamuzi mengi.

Sasa nirudi kwenye jina lenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu. Anayekutajia mtu anakukopesha jina lake. Siku hizi simu ya namba ngeni inatiliwa shaka, maana watu wengi wamewahi kupigiwa na matapeli wa M-Pesa, na swali la kwanza utakaloulizwa ni "Umepata wapi namba yangu?" Ukiwa na namba bila ruhusa ya kutaja aliyekupa, huna jibu. Kwa hiyo, jina likishatajwa, uliza mambo mawili zaidi hapo hapo. La kwanza: "Naweza kumwambia ni wewe uliyenielekeza?" La pili: "Ungependa umtumie ujumbe wewe kwanza, ndipo nimpigie?" Hili la pili ni bora zaidi, kwa sababu mwenye namba anapata nafasi ya kukataa kabla hajaaibishwa. Namba ya simu ni mali ya mwenyewe, si ya aliye nayo kwenye kitabu.

Lakini mfanyabiashara wa sokoni hana muda wa kutunga ujumbe. Mtungie wewe, mfupi, autume kama ulivyo. Wa binti ulikuwa hivi: "Habari mzee. Kuna binti amesomea kilimo, anataka kuelewa kazi ya mbegu za viazi. Hauzi kitu wala haombi kazi. Anaomba dakika 20 kwa simu siku utakayotaja. Nimpe namba yako?" Sentensi ya tatu ndiyo yenye uzito, na lazima iwe kweli. Ukisema huombi kazi kisha dakika ya kumi ukatoa vyeti, umemvunjia heshima aliyekutuma, na mlango huo umefungwa kwa kijana atakayekuja baada yako.

Uliza pia mtu huyo anaitwaje na watu wake: ni mzee, ni daktari, ni mwalimu? Omba majina mawili, kwa kuwa mmoja anaweza asipokee, lakini usiombe matano. Na uliza muda ulioahidi ukiwa bado haujaisha. Ukiuliza mtu akiwa amesimama na kushika funguo, atakupa jina la kwanza linalomjia ili aende zake.

Mkulima wa Kuresoi alimpokea binti kwa sababu broka, pamoja na ugomvi wao, alituma ujumbe. Alimweleza kwamba ekari moja hula takriban magunia 16 ya mbegu ya kilo 50, na kwamba yeye huanza na mbegu safi kutoka ADC Molo, kisha wakaguzi wa KEPHIS hulitembelea shamba kabla mazao yake hayajaidhinishwa kuwa mbegu. Akamwonyesha jinsi ya kutambua mnyauko wa bakteria: unakata shina la mmea ulionyauka, unaning'iniza ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinaanza kushuka. Shamba lenye ugonjwa huo halipiti ukaguzi, na hakuna dawa ya kuutibu.

Binti alinipigia jioni ile akiwa na furaha. Alikuwa ameamua kukodi ekari mbili. Nikamwuliza alifunga mazungumzo vipi. Alikuwa amesahau swali la mwisho, furaha ilimzidi. Basi akampigia mzee wa Kuresoi kumshukuru, akaongeza, "Mzee, unamjua aliyewahi kuifanya kazi hii akaiacha?"

Hilo ndilo swali la tatu ninalowafundisha, nalo ni gumu kuuliza, kwani linaonekana kama kutafuta ubaya. Lakini kila jina unalopewa na mtu aliyefanikiwa huelekea kwa aliyefanikiwa mwingine. Walioanguka hawatajwi ila ukiwaulizia kwa jina la kuanguka kwao.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamtaja mtu wa upande wa Mau Narok. Mtu huyo alikuwa amekodi shamba zuri, karibu na barabara, bila kujua kwamba aliyelilima kabla yake alipanda viazi msimu baada ya msimu. Mnyauko ulikuwa tayari ardhini. Alinunua mbegu safi kwa pesa ya mkopo, na ukaguzi ukamkataa. Sasa hapo anapanda ngano na kabichi, na hathubutu kupanda hata nyanya, kwani nyanya ni ya ukoo mmoja na viazi na huugua ugonjwa ule ule. Binti alipompata, alimwambia kwamba kama angeanza upya, pesa ya kwanza ingekuwa ya kupima udongo, kabla ya kodi na kabla ya mbegu. Binti alipomwomba jina jingine, akamrudisha kwa mzee wa Kuresoi.

Jina likirudi hivyo, simama utazame. Huenda umefika mwisho wa yale ya kujua, au huenda unazunguka ndani ya kundi moja. Njia ya kutofautisha ni kuangalia kama watu waliokurudisha wako pande tofauti za kazi. Hapa mmoja alikuwa broka na mwingine mkulima aliyeacha, hawajuani, na wote walimwelekeza kwa mtu yule yule. Nilimwambia aache kuuliza, aanze kupima.

Wiki ile alituma ujumbe kwa wote wanne, kila mmoja akimweleza alichojifunza kwa yule aliyemtaja na alichoamua: ameahirisha kukodi mpaka majibu ya udongo yatoke. Mama wa Wakulima ndiye aliyepiga simu. Ana mtoto wa dadake huko Bahati anayetaka kupanda viazi, akauliza kama binti anamjua mtu mwenye mbegu safi. Binti akasema anamjua, lakini ampe hadi jioni ampigie mzee kwanza amwulize kama namba yake inaweza kutolewa.