Saa nne usiku si saa 10: kutafsiri sheria za nyumba ya pamoja Ujerumani

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi, lakini hata kabla ya hapo vijana wengi wa Afrika Mashariki na Kongo walikuwa wameshafika huko kusomea uuguzi na fani nyingine. Kodi za miji mikubwa hazimruhusu mwanafunzi kupanga nyumba peke yake. Hupanga chumba, jiko na bafu vikawa vya wote, na kwenye mlango wa friji akakuta karatasi ya sheria kwa Kijerumani. Muda si mrefu anayekijua Kijerumani vizuri zaidi huambiwa: hebu tuandikie na kwa Kiswahili.

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu wanne mjini Stuttgart. Mwenye mkataba ni Mjerumani. Wenzake wametoka Moshi, Nakuru na Bukavu. Karatasi yake ina mistari michache: jiko na bafu, malipo, wageni, kelele. Haina maneno magumu, lakini kuna mitego miwili mikubwa. Wa kwanza ni ukali. Sheria za aina hii kwa Kijerumani huandikwa bila kumtaja mtu wala kumwamuru, kana kwamba mtu anasema tu "kuosha vyombo baada ya kula". Mtafsiri mwenye haraka huandika "Osha vyombo!", na dada wa Moshi akiisoma asubuhi anajiuliza ni nani aliyemkosea adabu. Wa pili ni kinyume chake: mtafsiri huona haya, akaongeza "ikiwezekana" na "ukipata nafasi", na sheria ikafa palepale.

Njia inayofaa, kwa maoni yangu, ni kulainisha anayeambiwa na kuacha saa, tarehe na kiasi vilivyo. Kwa jambo la wote, "tu-" inatosha: "Tuoshe vyombo siku hiyohiyo, tusilaze sufuria kwenye sinki." Kwa utaratibu usiobadilika, "hu-" ina uzito wake bila kumnyooshea mtu kidole: "Bafu husafishwa kila Jumamosi kabla ya saa sita mchana." Na "tafadhali" moja juu ya karatasi nzima inatosha. Ikirudiwa kwenye kila mstari, kama Wajerumani wanavyopenda kufanya na neno lao, kwa Kiswahili huanza kusikika kama mama mwenye nyumba aliyechoka.

Kwenye usafi, tatizo ni kwamba kila mtu ana "safi" yake. Kwa hiyo usitafsiri sifa, tafsiri kazi: choo kisuguliwe, nywele zitolewe kwenye tundu la kuogea, sakafu ipigwe deki, taka zishushwe. Stuttgart na sehemu nyingine za eneo la Waswabia zina desturi ya ziada, wiki ya kufagia. Nyumba za jengo hupokezana kufagia ngazi na njia ya kuingilia, na mara nyingi kibao hutundikwa mlangoni kwa yule ambaye zamu imemfikia. Ukiandika "wiki ya usafi" tu, wenzako watafikiri ni kampeni. Andika: "Kibao kikiwa mlangoni kwetu, ngazi ni zetu wiki nzima, mwenye zamu ya bafu ndiye hufagia."

Malipo yanahitaji uangalifu kuliko yote. Kodi ya chumba huwa na sehemu mbili: kodi yenyewe, na malipo ya kila mwezi ya maji, kupasha joto, taka na matunzo ya jengo. Wajerumani huyaita haya kwa neno lenye maana ya gharama za kando, na wengi wamelitafsiri "gharama za ziada", wapangaji wakadhani ni za hiari. Yaite "gharama za huduma za jengo". Ueleze pia kwamba hayo ni makadirio tu: hesabu kamili hufanyika kila mwaka, na mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kwisha kuiwasilisha. Anayehama Machi anaweza kudaiwa mwaka unaofuata. Hapa upole uwe kwenye sababu: "Hata tukihama, kila mmoja atalipa sehemu yake ya miezi aliyokaa, ili deni lisimwangukie mwenzetu aliyebaki."

Mchango wa redio na televisheni ya umma ni rahisi zaidi, ila huwatisha wageni kwa barua zake. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, hata kama hakuna televisheni. Kwa watu wanne ni euro 4.59 kila mmoja. Mmoja hujiandikisha, wengine barua zikiwafikia hujibu kwa kutoa namba ya mchango wa mwenzao.

Mstari wa wageni ndio huumiza. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hagongi akaulizwa amekuja kufanya nini, na karatasi inasema, neno kwa neno, "wageni watangazwe kabla". Kutangazwa kwa Kiswahili ni redioni au msikitini. Ukiandika hivyo, watu watacheka, kisha hawatafuata. Kuna sababu ya kweli ya mstari huo: bafu ni moja, na mwanafunzi wa uuguzi wa zamu ya alfajiri huwa ameshafika wodini saa kumi na mbili. Basi andika sababu pamoja na sheria: "Tukiwa na mgeni wa kulala, tuwaambie wenzetu kwenye kundi la Wasapu siku moja kabla, kwa sababu bafu ni moja na wengine wana zamu ya alfajiri. Mgeni hulala hadi siku tatu. Zikizidi, wote wanne tukubaliane kwanza." Msomaji atakumbuka mwenyewe methali ya mgeni wa siku mbili anayepewa jembe siku ya tatu. Kwa sheria ya Ujerumani, mwenye nyumba hana haki ya kukataza wageni kwa jumla, ila anayekaa zaidi ya wiki sita hivi huanza kuonekana kama mkaazi, na hilo linahitaji ruhusa. Usichanganye mambo hayo mawili kwenye karatasi moja.

Mwisho, kelele. Muda wa utulivu wa usiku kwa kawaida ni 22:00 hadi 6:00. Kuna aliyewahi kunakili tarakimu ya saa ya simu yake na kuandika "tunyamaze kuanzia saa 10 usiku", ambayo kwetu ni karibu na adhana ya alfajiri. Andika zote mbili: "kuanzia saa nne usiku (22:00) hadi saa kumi na mbili asubuhi (6:00)". Jumapili na sikukuu ni utulivu wa siku nzima. Hakuna kutoboa ukuta kwa mashine, wala kutupa chupa kwenye pipa la vioo. Kile Wajerumani wanachokiita sauti ya chumbani nacho kielezwe kwa kipimo ambacho mtu anaweza kukijaribu: mlango ukifungwa, muziki usisikike kwa jirani.

Ukimaliza, msomee mwenye mkataba kwa Kijerumani ulichoandika, mstari kwa mstari, kwa sababu "hadi siku tatu" na "siku tatu hivi" si kitu kimoja. Kisha chini ya karatasi ongeza kwamba tafsiri ni ya kuelewana na kwamba mkataba wa Kijerumani ndio unaofuatwa. Lugha ya mahakama za huko ni Kijerumani, na wenzako wana haki ya kulijua hilo kabla hawajaweka saini.