Siku Mbili za Nyumbani: Ombi Linaloandikwa Upya

“Shikamoo mama. Samahani, nilikuwa naomba kama inawezekana niwe nafanyia kazi nyumbani siku mojamoja. Foleni ya kutoka Chanika inanimaliza. Asante.”

Ujumbe kama huu hutumwa kwa simu, mara nyingi jioni, mtumaji akiwa bado yuko kwenye daladala. Jibu lake linajulikana: “Tutaongea.” Wiki zinapita na mazungumzo hayafanyiki. Aliyeomba huhisi amekataliwa, kumbe meneja hajakataa kitu. Hakuna alichopewa ambacho angeweza kukikubali.

Tumfuate mwombaji mmoja wa mfano. Ni mhasibu anayeshughulikia wadaiwa katika kampuni inayosambaza bidhaa za dukani jijini Dar es Salaam. Ofisi iko Posta. Yeye na takwimu zake ni vya kutungwa, lakini kazi yenyewe iko katika mamia ya ofisi: kila siku wateja wanalipa kwa benki na kwa lipa namba, naye anapaswa kujua kila malipo ni ya nani na yanafuta ankara ipi. Mteja mwenye duka Buguruni anamtuma dereva akalipe, kwa hiyo jina linalotokea kwenye taarifa ya benki ni la dereva. Mwingine analipa ankara tatu kwa mkupuo mmoja, akipunguza thamani ya katoni mbili zilizofika zimevunjika. Malipo ambayo mwenyewe hajajulikana yanarundikana, na mteja aliyekwisha kulipa anazuiwa mzigo kwa kuonekana bado anadaiwa.

Meneja anayesoma ujumbe ule anaona pengo kila upande. Siku mojamoja ni zipi? Nani atapokea cheki mapokezi? Risiti ya mashine ya kodi, ambayo iko ofisini, itatolewa na nani? Umeme ukikatika Chanika, itakuwaje? Na mwenzake wa meza ya pili, anayetoka Mbagala, akiomba vivyo hivyo kesho, atajibiwa nini? Zaidi ya yote, meneja mwenyewe ana mkubwa wake. Hawezi kupanda ghorofani kumwambia mkurugenzi kwamba foleni inamchosha mtu, kwa sababu mkurugenzi naye anakaa kwenye foleni.

Uingereza, ambako mwajiririwa ana haki ya kisheria ya kuomba kubadilishiwa utaratibu wa kazi, sheria inamruhusu mwajiri kukataa kwa sababu nane tu. Miongoni mwake ni gharama kuongezeka, kazi kushindwa kugawanywa kwa waliobaki, ubora au utendaji kushuka, na wateja kukosa huduma wanapoihitaji. Tangu Aprili 2024 mwombaji wa huko halazimiki tena kueleza ombi lake litamwathiri vipi mwajiri. Hata hivyo, orodha ile inamfaa mwombaji wa Dar es Salaam au Nairobi kama kipimo cha rasimu yake, maana hofu za mameneja zinafanana. Barua iliyokwisha kuzijibu inampa meneja kitu cha kupanda nacho ghorofani.

Kazi ya kwanza ni kuibadili sababu. Foleni ni kweli, na haina haja ya kufichwa, lakini peke yake inaonyesha faida ya upande mmoja. Mhasibu wetu akiitazama kazi yake vizuri anaona kwamba imegawanyika. Kuna sehemu ya watu: cheki, risiti, saini, wateja wanaokuja kulalamika. Kuna sehemu ya utulivu: kuwatafuta wenye malipo yasiyojulikana, kupiga simu dukani, kulinganisha taarifa ya benki na leja mstari kwa mstari. Sehemu ya pili ndiyo inayokatizwa ofisini, kwa sababu kila anayepita anaiona meza yake na kumuuliza jambo. Hapo ndipo sababu ya ofisi ilipo: siku mbili za kazi ya utulivu, ili malipo yasiyojulikana yapungue.

Utafiti unaiunga mkono hoja hiyo, ingawa si kwa kila namna ya kazi. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifuatilia wahudumu wa simu wa kampuni ya safari ya Ctrip huko Shanghai kwa miezi tisa. Waliofanyia kazi nyumbani siku nne kati ya tano waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kufanya kazi dakika nyingi zaidi katika kila zamu, kwa mapumziko na siku za ugonjwa kupungua. Iliyobaki ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa kila dakika. Lakini kampuni haikumpa nafasi hiyo kila mtu: mshiriki alitakiwa kuwa na intaneti ya kasi na chumba cha kufanyia kazi peke yake. Na muda ulipokwisha, zaidi ya nusu ya waliopewa nafasi ya kuchagua upya walibadili uamuzi wao wa awali, upweke ukiwa sababu mojawapo. Kampuni hiyohiyo baadaye ilijaribu utaratibu wa siku mbili tu nyumbani kwa wafanyakazi zaidi ya 1,600. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na tathmini za utendaji hazikushuka. Kwa mwombaji, siku mbili ni ombi lenye msingi kuliko siku nne.

Kisha vije vipimo, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiandika barua nzuri. Wanaahidi “kuongeza tija” bila kusema tija hiyo leo ni kiasi gani. Mhasibu wetu anatakiwa kuanza kuhesabu wiki nne kabla ya kuomba, tena kwa kitu ambacho mfumo wa kampuni unakionyesha tayari, ili meneja aweze kukihakiki bila kumuuliza. Tuseme anakuta kwamba kwa wastani analinganisha malipo 85 kwa siku, na kila Ijumaa yanabaki 31 yaliyozidi siku saba bila mwenyewe kujulikana.

Namba ya kwanza haitoshi peke yake. Mtu anaweza kufikisha malipo 100 kwa siku kwa kuchagua yaliyo rahisi na kuyaacha magumu yaoze, au kwa kuyaingiza kwenye akaunti ya mteja yeyote ili tu yatoke mezani. Ndiyo maana idadi ya malipo yaliyochelewa lazima isimame kando yake: wingi unaangaliwa na ubora. Kuna kipimo cha tatu ambacho waombaji hukisahau, nacho ni mzigo unaomwangukia mwenzake aliyebaki ofisini. Kila mara mtu wa meza ya pili anapolazimika kufanya kazi isiyo yake, na iandikwe. Takwimu za mhasibu zinaweza kupendeza huku mwenzake akiumia kimyakimya.

Mipango nayo iandikwe kwa undani wa kutosha kutekelezwa, bila kurefuka. Siku zinazofaa ni Jumanne na Alhamisi. Jumatatu malipo ya mwisho wa wiki yanakuwa mengi na wateja wanapiga hodi, na Ijumaa meneja anataka taarifa ya wiki. Marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani Tanzania hutakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hivyo juma lenye tarehe hiyo mhasibu anabaki ofisini siku zote tano. Mwombaji anayeliondoa mwenyewe juma gumu anaonyesha kwamba anaijua kalenda ya idara yake.

Baada ya hapo barua inaweza kusomeka hivi:

“Naomba kufanyia kazi nyumbani Jumanne na Alhamisi kwa majaribio ya wiki nane, isipokuwa juma lenye tarehe 20. Siku hizo nitashughulikia malipo ambayo wenyewe hawajajulikana na ulinganisho wa benki, kazi zinazokatizwa zaidi ninapokuwa ofisini. Kwa wiki nne zilizopita nimelinganisha wastani wa malipo 85 kwa siku, na kila Ijumaa yamebaki 31 yaliyozidi siku saba. Lengo ni kutoshuka chini ya 85, na kuyafikisha hayo 31 kuwa 15 au pungufu ifikapo wiki ya nane. Nitapatikana kwa simu kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Cheki na risiti za siku hizo zitapokelewa na mwenzangu, ambaye amekubali. Nami nitashika kazi zake za mapokezi Jumatatu na Ijumaa. Umeme au mtandao ukikosekana kwa zaidi ya saa moja nitakujulisha na kuja ofisini. Nitatumia kompyuta ya kampuni pekee, na hakuna hati yenye mhuri itakayotoka ofisini. Gharama ya bando ni yangu katika kipindi cha majaribio. Nikishindwa kufikia malengo, au kazi ikihitaji, nitarudi ofisini siku zote.”

Sentensi ya mwenzake ndiyo nzito kuliko zote, na haiandikwi kabla ya kuzungumza naye. Hiyo ya kompyuta si mapambo pia: majina, simu na madeni ya wateja ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kompyuta ambayo watoto wanachezea michezo jioni si mahali pake. Ombi likikubaliwa, majibu yawe kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi mambo kadhaa ya ajira yake, na mahali pa kazi ni mojawapo. Makubaliano ya mdomo yanaondoka na meneja anapohamishwa.

Ziko kazi ambazo barua hii haiwezi kuziokoa. Mtunza stoo, mpokea wageni na mhudumu wa dirishani hawana sehemu ya utulivu inayotosha kujaza siku mbili. Hata mhasibu, akikuta kwamba kazi yake ya utulivu ni ya siku moja tu kwa juma, aombe siku moja.

Mpango ukianza kuharibika, dalili huonekana kabla ya takwimu. Majibu ya “nitaliangalia kesho nikiwa ofisini” yanazidi. Wateja wanaanza kumpigia mwenzake moja kwa moja. Jumatano asubuhi meza inakuwa na rundo lililokuwa likimsubiri. Haya yasemwe wiki ya tatu, wakati bado yanarekebishika kwa kubadili siku au kuhamisha kazi moja.

Wiki ya nane inahitaji ukurasa mmoja wenye namba zilezile za mwanzo. Tuseme malipo kwa siku yamekuwa 88, yaliyochelewa yameshuka hadi 19, na mwenzake ameitwa mara sita kwa kazi isiyo yake, nne kati ya hizo zikiwa Alhamisi, siku ambayo magari ya mikoani hupakia mzigo. Lengo la 15 halijafikiwa, na ukurasa useme hivyo waziwazi. Lakini sasa meneja na mhasibu wana jambo mahususi la kuamua: Alhamisi ibadilishwe iwe Jumatano, majaribio yaongezwe wiki nne, na hesabu iendelee kuanzia 19.