Unga wa Nakuru ukifika kisiwani: hesabu ya boti, duka na miezi isiyo na wageni

Barabara inayopita hapa kwetu Kiamunyi ukiifuata utapita Kabarak, uvuke Ikweta pale Mogotio, uteremke kwenye joto la Marigat, kisha ufike Kampi ya Samaki. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Nakuru mjini. Hapo mbele yako kuna Ziwa Baringo. Ng'ambo ya maji ni Ol Kokwe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani humo, ambacho wengi hukiita Kokwa tu. Hakuna daraja wala feri. Kinachokuvusha ni boti ya injini, na kila kitu ambacho hakiwezi kuvuliwa, kufugwa wala kulimwa kisiwani lazima kipande boti hiyo.

Dada yangu aliolewa Kokwa na ana duka dogo huko. Mimi niko Kiamunyi, na ndiye ninayemnunulia mzigo Nakuru na kuupakia kwenye gari. Mume wake, shemeji yangu, hutembeza wageni kwa boti. Huwaonyesha ndege, viboko, mamba na chemchemi za maji moto zilizo kisiwani. Kwa miaka miwili duka lilikuwa linauza sana lakini pesa hatuioni. Nataka nikuonyeshe pesa hiyo ilikuwa inaenda wapi, kwa sababu kama unaishi au unafanya biashara mahali ambapo lazima maji yavukwe, huenda hesabu yako inavuja palepale.

Bei inabadilika ziwani, si barabarani

Tuchukue mfano wa safari moja. Bei za sokoni hupanda na kushuka, kwa hivyo weka zako, lakini njia ya kupiga hesabu ni ileile. Nanunua beli 10 za unga wa mahindi. Beli moja ina paketi 12 za kilo mbili, kwa hivyo jumla ni paketi 120. Tuseme beli ni shilingi 1,700, yaani zote ni 17,000. Gari hadi Kampi ya Samaki ni 100 kwa beli, ambayo ni 1,000. Hamali wa kushusha na kupakia botini ni 20 kwa beli, 200. Boti ya abiria ikiwa imejaa, mzigo hulipiwa 50 kwa beli, 500. Hamali wa kisiwani, 200 tena. Jumla ni 18,900. Gawanya kwa paketi 120, kila paketi imekugharimu 157 na senti 50. Dada akiuza 170, anapata faida ya 1,500.

Sasa angalia mwezi wa Mei. Mvua inanyesha, watu hawasafiri sana, na boti ya abiria inakaa ufukweni asubuhi nzima ikingoja kujaa. Mwenye duka hawezi kungoja, kwa sababu alasiri upepo huanza kuvuma, ziwa linachafuka, na unga hauvumilii maji. Anaamua kukodi boti nzima kwa, tuseme, 2,500. Ile 500 ya boti imekuwa 2,500. Jumla sasa ni 20,900, na kila paketi imefika kisiwani kwa zaidi ya 174. Dada aliendelea kuuza 170. Kila safari ya namna hiyo alikuwa anawalipa wateja wake shilingi 500 ili wanunue unga.

"Lakini kaka, bei ya Nakuru haijapanda," aliniambia nilipomuuliza. Ni kweli, haikuwa imepanda. Kilichopanda ni kile kipande cha mwisho cha safari. Kukodi boti kuna gharama moja, ubebe beli tano au beli 30. Petroli ni ileile na nahodha ni yuleyule.

Deni hupunguza mzigo, mzigo mdogo hupandisha bei

Hapa ndipo kazi ya wageni inapoingia dukani. Wageni wa Baringo wana majira yao. Likizo za shule za Aprili, Agosti na Desemba huleta familia za Wakenya. Kuanzia Novemba hadi Machi huja wapenzi wa ndege, maana ndege wengi wanaokimbia baridi ya Ulaya huwa wamefika huku kwetu. Baada ya Aprili kunakuwa kimya. Na kimya hicho kinaanza wakati uleule shule zinafunguliwa na karo inatakiwa.

Familia nyingi zilizo jirani na dada yangu hutegemea kazi hiyo kwa namna fulani: nahodha, mtembeza wageni, mpishi, mfua nguo wa kambini. Kwa hivyo Mei na Juni wanakuja dukani na daftari. Tuseme nusu ya zile paketi 120 zimechukuliwa kwa deni. Mkononi dada ana 10,200 tu. Hawezi kununua beli 10 tena. Akiondoa gharama za njiani, labda ananunua nne. Beli 10 kwenye boti ya kukodi, kila beli hubeba 250 ya boti. Beli nne, kila moja hubeba 625. Kwa paketi moja hiyo ni kutoka kama shilingi 21 hadi kama 52.

Ndiyo maana kisiwani bei inataka kupanda wakati uleule mifuko ya watu imekauka. Wateja hudhani mwenye duka ana tamaa, naye mwenye duka hudhani wateja hawataki kulipa. Ukweli ni kwamba wote wamekamatwa na boti isiyojaa.

Tulichobadilisha kwanza: boti moja, maduka matatu

Dada alizungumza na wenye maduka wengine wawili. Wakakubaliana siku moja ya wiki ya kuvusha mzigo. Kila mmoja hutuma oda yake kwa ujumbe siku mbili kabla, na wote watatu wakileta beli 10, ile 2,500 inagawanywa kwa beli 30. Kila mmoja hulipa kama 833. Faida ya dada kwa safari ya Mei ikawa kama 1,167 kwa bei ileile ya 170. Mwenzao mmoja hupokea michango na kumlipa nahodha kwa simu. Jina la nahodha husomwa kwenye skrini kabla ya kubonyeza kutuma, na ule ujumbe wa malipo ndio risiti ya wote watatu.

Mzigo huvuka asubuhi, ukiwa umefunikwa turubai. Na boti ikishajaa, haiongezwi beli moja zaidi ili kuokoa shilingi 50. Anayevuka huvaa jaketi la kuelea. Ziwa hili lina upepo, viboko na mamba, na halisamehe.

Kashi nayo huvuka kwa boti

Watu husahau kwamba hata noti ni mzigo. Wageni wakilipa kwa simu, Jumamosi jioni watembezaji wote wanataka kutoa kashi kwa wakala yuleyule wa kisiwani. Miezi ya kimya ni hivyohivyo: jamaa walio Nakuru na Nairobi wanatuma pesa nyumbani, na wapokeaji wanataka kutoa. Wakala anabaki na floti tele kwenye simu lakini droo haina noti. Ili apate noti, lazima avuke hadi Kampi ya Samaki, pengine mpaka Marigat. Ukisikia "leo hakuna kashi", mara nyingi si kwamba wakala hana pesa. Pesa yake iko upande mbaya wa maji.

Dada yeye alikuwa na tatizo la kinyume. Wavuvi humlipa noti, na hizo noti alikuwa anazifunga kwenye karatasi na kumpa mtu avuke nazo hadi kwangu. Ile iliyokuwa kwenye simu aliitoa Kampi, akakatwa ada ya kutoa, kisha ikasafiri vilevile. Sasa kila jioni anampelekea wakala noti za mauzo na kuziweka kwenye simu yake. Kuweka pesa hakumkati mteja chochote. Wakala anapata noti za kuwapa wateja bila kuvuka, na dada anapata pesa kwenye simu. Siku ya oda mimi nachagua mzigo kwenye duka la jumla Nakuru, nampigia, naye analipa moja kwa moja kwa namba ya tili ya duka hilo. Hakuna noti inayopanda boti.

Jambo moja la kuangalia. Mtandao ukiyumba kisiwani, ujumbe wa kuthibitisha unaweza kuchelewa. Usilipe mara ya pili. Angalia salio kwanza: kama limepungua, malipo yameondoka. Na ukiwa ndiye unayelipwa, angalia salio kwenye simu yako mwenyewe, si ujumbe ulio kwenye simu ya mteja.

Shemeji na zile 400

Lililobaki lilikuwa daftari la madeni, na jina la kwanza ndani yake lilikuwa la shemeji yangu mwenyewe. Tulikaa naye tukahesabu. Nyumba yake hutumia kama 6,000 dukani kwa mwezi. Miezi mikavu ni mitatu, kwa hivyo ni 18,000. Kuanzia Agosti hadi Aprili, akipunguza makisio, anapata safari 45 za wageni. Gawanya 18,000 kwa 45, unapata 400 kwa safari.

Sasa mgeni akilipa, anatoa kwanza petroli, kisha fungu la mwenye boti. Katika lililobaki, kabla hajavuka kurudi nyumbani, 400 inaingia kwenye akiba ya simu aliyoifungia hadi tarehe 1 Mei. Siku asiyopata mgeni haweki kitu, na hadaiwi. Ikifunguliwa Mei, haiendi kwa karo wala kwa harusi ya mtu. Inanunua unga kwa kashi, mwezi ambao duka linahitaji kashi kuliko mwezi mwingine wowote.

Mpango huu una mipaka, na Baringo inaijua mipaka hiyo vizuri. Maji ya ziwa yalipanda miaka ya 2010, na mwaka 2020 yalimeza hoteli, kambi na nyumba nyingi za ufukweni. Hata twiga waliokuwa wamezingirwa na maji kwenye kisiwa kidogo cha Longicharo ilibidi wavushwe kwa chombo maalum cha kuelea. Mwaka kama huo safari 45 hazipatikani. Ndiyo maana shemeji hupiga tena hesabu yake kila mwisho wa Desemba. Akikuta amefanya safari 15 tu, anajua miezi minne kabla kwamba Mei itakuwa na pengo, na bado ana muda wa kutafuta kazi ya uvuvi au kupunguza matumizi.

Dada naye ameandika namba mbili ndani ya mlango wa duka: bei ya paketi boti ikijaa, na bei ya paketi boti ikikodiwa. Mteja akiuliza mbona unga umeongezeka, anamwonyesha.