Mahali pa Ufito Mgongoni na Pembe ya Kiwiliwili katika Zoezi la Kuchuchumaa

Karani mwenye umri wa miaka 34 alifika kliniki akilalamikia maumivu ya bega la kulia, upande wa mbele, na ya kifundo cha mkono. Alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kuchuchumaa akiwa na ufito wa chuma mgongoni, na kilo 40 alizobeba hazikuwa nyingi kwa mwili wake. Nilipomtaka anionyeshe kwa fimbo ya ufagio jinsi anavyoushika, sababu ilidhihirika.

Ufito huweza kukaa mahali pawili. Katika namna ya juu, hulala juu ya msuli mpana unaounganisha shingo na mabega, chini kidogo ya mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo. Katika namna ya chini, hushushwa sentimita chache hadi chini ya ukingo wa mfupa wa kombe la bega. Sentimita hizo chache hubadili umbo zima la zoezi, kwa kuwa uzito hauna budi kubaki juu ya katikati ya unyayo. Vinginevyo mtu ataanguka. Ufito ukishuka, kiwiliwili hulazimika kuinama zaidi ili kuurejesha kwenye mstari huo. Nyonga hurudi nyuma, na mzigo mkubwa huangukia matako na mgongo wa chini. Ufito ukiwa juu, kiwiliwili husimama zaidi, magoti husogea mbele, na mapaja hufanya kazi kubwa zaidi kwa upande wa mbele.

Wanyanyuaji wa mashindano hupenda namna ya chini kwa sababu wengi wao hubeba uzito mkubwa zaidi kwayo. Si ya hatari kwa asili yake. Lakini humtaka mtu azungushe mabega nyuma sana, na karani wetu, ambaye hukaa mezani kutwa, hakuweza. Viganja vyake vilipinda vikabeba uzito uliopaswa kubebwa na mgongo.

Nilimshauri apandishe ufito, apanue mshiko kidogo, na aanze na ufito mtupu wa kilo 20. Kwa anayeanza, ndivyo nishaurivyo mara nyingi. Namna ya juu nayo ina sharti lake: kifundo cha mguu kikunjike vya kutosha. Visigino vyake viliinuka kila alipofika chini, tukaweka chini yake vibao vya unene wa sentimita 2, navyo vikatulia.

Alirekodiwa kwa simu kutoka ubavuni. Tulitazama jambo moja: wakati wa kuinuka, je, nyonga na mabega hupanda pamoja? Nyonga zikitangulia na kifua kikabaki chini, uzito umezidi nguvu za mapaja, nao hupunguzwa. Kwa kilo 30 vilipanda pamoja. Kwa 40 nyonga zilitangulia. Akabaki kwenye 30 kwa wiki mbili, akichuchumaa mara tano kwa mizunguko mitatu.