Saa Kumi ya Nani? Namna ya Kuikagua Barua Pepe Inayoita Mazungumzo ya Nchi Mbalimbali

Hebu tuitazame barua pepe ifuatayo. Tumeitunga kwa ajili ya mafunzo, lakini ofisa yeyote aliyepata kukaa katika chumba cha mawasiliano atakiri kwamba amekwisha kuona za namna yake. Imeandikwa Kampala tarehe 20 Oktoba 2026, nayo imepelekwa kwa maofisa walioko Kampala, Bunia, Kinshasa, Juba na New York. Yasema hivi:

"Mazungumzo ya simu kuhusu safari ya magari ya vifaa yatafanyika Jumanne 03/11, saa 10:00 jioni EST. Kila mmoja awe tayari dakika tano kabla."

Barua hii ni fupi na ina adabu, tena yaonekana kama amri iliyokamilika. Hata hivyo, maofisa watano wakiisoma kila mmoja kwa mazoea yake, hawatakutana kamwe. Mwandishi alikusudia saa kumi za jioni kwa saa za Kampala. Ofisa wa New York, akitafsiriwa maneno hayo neno kwa neno, ataelewa saa nne za usiku kwa saa za mji wake, na wakati huo Kampala itakuwa saa kumi na mbili za asubuhi ya Jumatano. Kati ya simu mbili hizo zimepita saa 14. Kama magari yalikuwa yakingoja idhini ya kuvuka mpaka, yamelala njiani usiku mzima kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi.

Basi katika makala haya tutaikagua barua hiyo kipande kwa kipande, kama mlinzi wa kizuizi akaguavyo gari: kwanza tarehe, kisha saa, kisha majira ya mahali, na mwisho hesabu yote kwa jumla.

TAREHE

Maandishi "03/11" yana maana mbili. Kwetu sisi, na kwa wenzetu wa Kongo waliosoma Kifaransa, siku hutangulia mwezi, kwa hiyo hiyo ni tarehe 3 Novemba. Mmarekani hutanguliza mwezi, naye husoma tarehe 11 Machi. Katika barua yetu kuna shahidi mmoja wa kutusaidia, nalo ni jina la siku. Tarehe 3 Novemba 2026 ni Jumanne kweli, hali tarehe 11 Machi 2026 ilikuwa Jumatano, na 11 Machi 2027 ni Alhamisi. Kwa hiyo mkaguzi aweza kujua mwandishi alikusudia nini. Lakini haifai kumwachia mpokeaji kazi ya upelelezi. Mwezi uandikwe kwa jina na mwaka uandikwe wote: Jumanne tarehe 3 Novemba 2026.

Jina la siku lisiondolewe kamwe, kwa kuwa ndilo linalofichua kosa la tarehe. Mkaguzi akiona siku na tarehe hazipatani katika kalenda, asichague moja kwa kukisia. Amwulize mwandishi, kwani hakuna ajuaye ni ipi iliyokosewa ila yeye.

SAA

Kipande cha pili ndicho chenye hatari kubwa zaidi kwetu tuzungumzao Kiswahili. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu macheo, na saa ya maofisini huhesabiwa tangu usiku wa manane, hivyo zapishana kwa saa sita. Tukisema saa kumi jioni kwa mdomo, hakuna wa Kampala au Mombasa asiyeelewa. Tukiandika "10:00 jioni" kwa tarakimu, tumechanganya saa mbili katika kauli moja: tarakimu ni za kigeni na maana ni ya Kiswahili. Mgeni hana njia ya kulijua hilo. Kwake yeye 10:00 ya jioni ni 22:00.

Dawa ni ile tuliyofundishwa sote chuoni, yaani kuandika kwa mfumo wa saa 24. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa saa za mchana, ongeza sita: saa tatu asubuhi ni 09:00, na saa kumi jioni ni 16:00. Kwa saa za usiku kabla ya usiku wa manane, ongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni 20:00. Usiku wa manane ukishapita, toa sita: saa nane usiku ni 02:00. Maneno ya Kiswahili yaweza kuandikwa pembeni ili kumtuliza msomaji wetu, lakini tarakimu ziwe za saa 24 peke yake.

Saa sita za usiku zataka uangalifu wa pekee. Mtu akisema "usiku wa Jumanne", wako wazee wa pwani watakaoelewa usiku unaotangulia Jumanne, kwa kuwa kwao siku huanza magharibi. Wengine wataelewa usiku unaoifuata. Tukiweza, tusiite mazungumzo saa hiyo hasa. Tukilazimika, tuandike 23:55 au 00:05 pamoja na tarehe yake, na shaka itakwisha.

MAJIRA YA MAHALI

Sasa tufike kwenye herufi tatu, EST. Mwandishi wa Kampala alidhani zamaanisha majira ya Afrika Mashariki. Sivyo. Majira yetu hufupishwa EAT, na EST ni majira ya mashariki ya Marekani, ambayo yako nyuma yetu kwa saa nane. Hata kama mwandishi angeandika 16:00 sawasawa, kisha akaacha EST mahali pake, New York ingepiga simu wakati Kampala ni saa sita usiku, siku ikigeuka kuwa Jumatano.

Usalama uko katika kutaja mji na kutaja tofauti yake na saa ya dunia, iitwayo UTC. Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Mogadishu ziko UTC+3. Kigali na Bujumbura ziko UTC+2. Kongo ina majira mawili katika nchi moja: Kinshasa ni UTC+1, na Bunia, Beni, Goma, Bukavu na Lubumbashi ni UTC+2. Tangu Novemba 2021, majeshi ya Uganda na ya Kongo yalipoanza operesheni ya pamoja huko Ituri na Kivu ya Kaskazini, jambo hili limekuwa la kila siku. Anayeandika "saa za Kongo" hajasema kitu. Nayo Juba ilikuwa pamoja nasi hadi tarehe 1 Februari 2021, ambapo Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja ikawa UTC+2. Orodha za zamani zilizobandikwa ukutani kabla ya siku hiyo hazifai tena.

Mashine nayo ikaguliwe. Mwaliko wa kalenda unaoambatana na barua pepe hugeuza saa wenyewe, lakini hugeuza kwa kufuata mahali palipowekwa katika kompyuta. Ofisa wa Bunia akitafuta jina la mji wake katika orodha ya kompyuta hatalipata. Akichagua `Africa/Kinshasa` kwa kuwa ndio mji mkuu, kila mwaliko wake utakuwa na kosa la saa moja. Mahali pake sahihi ni `Africa/Lubumbashi`. Vilevile kompyuta ambayo programu zake hazijasasishwa tangu kabla ya mwaka 2021 yaweza kuionyesha Juba kwa saa zake za zamani.

Yako pia majira yanayohama. Nchi zetu hazibadili saa, lakini Marekani hubadili. Tarehe 20 Oktoba, siku barua ilipoandikwa, tofauti ya Kampala na New York ni saa saba. Jumapili tarehe 1 Novemba 2026 Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, na tofauti inakuwa saa nane. Mwandishi anayetazama saa ya leo ataandika kwamba 16:00 za Kampala ni 09:00 za New York. Siku ya simu itakuwa 08:00, na ofisa wa huko atachelewa saa nzima huku akiamini amewahi. Kwa hiyo tofauti itafutwe kwa siku ya mazungumzo, wala si kwa siku ya kuandika. Na kama mazungumzo ni ya kila wiki, barua itaje ni saa ya mji gani isiyobadilika. Ikiwa ni ya Kampala, New York ndiyo itakayosogea; ikiwa ni ya New York, sisi tutahama kutoka 16:00 hadi 17:00.

BARUA ILIYOREKEBISHWA

Baada ya ukaguzi huo, barua yetu yasomeka hivi:

"Mazungumzo ya simu kuhusu safari ya magari ya vifaa: Jumanne tarehe 3 Novemba 2026, kuanzia 16:00 hadi 16:45 kwa saa za Kampala, yaani 13:00 hadi 13:45 UTC. Kuanza kwa kila mji, wote siku hiyo hiyo ya Jumanne: New York 08:00, Kinshasa 14:00, Bunia 15:00, Juba 15:00, Kampala 16:00. Kila mmoja ajibu kwa kutaja saa ya mahali alipo."

Kwa askari na polisi waliozoea maandishi ya redio, mstari mmoja waweza kuongezwa: 031300ZNOV26. Tarakimu mbili za kwanza ni siku, nne zinazofuata ni saa, na Z, isomwayo Zulu, ni saa ya dunia. Saa zetu za UTC+3 huandikwa kwa herufi C, na za UTC+2 kwa herufi B. Raia waliomo katika mazungumzo huenda wasizielewe herufi hizo, kwa hiyo mstari huo usikae peke yake.

Imebaki hesabu ya mwisho, nayo haizidi dakika moja. Irudishe kila saa ya mji kwenye saa ya dunia. Kampala 16:00, toa tatu. Bunia na Juba 15:00, toa mbili. Kinshasa 14:00, toa moja. New York 08:00, ongeza tano. Zote zafika 13:00. Ukipata mji mmoja unaofika 12:00 au 14:00, usiitume barua hiyo, kwa maana hapo ndipo kosa lilipojificha.

Na majibu yakija yasomwe. Ofisa wa Bunia akijibu, "Nimepokea, afande, kwangu ni 15:00 Jumanne," kazi imekamilika. Akijibu tu, "Nimepokea," bado hatujui amepokea saa ipi.